Daftari lililosema karatasi zinatosha: kisa cha kiwango cha kuagizia kilichoshuka

Kisa hiki ni cha ofisi niliyofanya kazi kama mhasibu msaidizi. Nimeondoa jina la ofisi, mji na vyeo vinavyoweza kumtambulisha mtu, na tarakimu chache nimezirekebisha kidogo ili zisifuatiliwe hadi mlangoni. Mpangilio wa matukio na hesabu zenyewe ni kama zilivyokuwa. Naandika kwa ajili ya watunza stoo, makarani na wahasibu wa ofisi ndogo waliopewa kazi kama niliyopewa mimi: kutengeneza daftari la kutolea vifaa vya ofisi na kuweka kiwango ambacho stoo ikikifikia ni lazima kuagiza tena.

Nitafuata kifaa kimoja tu, karatasi za A4, kwa sababu ndizo zilizotuumiza na ndizo zilizotufundisha.

## Ofisi ilivyokuwa

Tulikuwa wafanyakazi 34 katika idara tano, na mashine mbili kubwa za fotokopi ambazo pia zilitumika kuprinti. Stoo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya masjala. Aliyeitunza alikuwa mzee wa makamo aliyekaa pale miaka mingi kuliko sisi wote, na sote tulimwita Mzee.

Daftari lake lilikuwa kaunta buku ya kwaya tatu. Aliandika tarehe, jina la mchukuaji, kifaa, idadi na sahihi. Salio hakuliandika, alilijua kwa macho. Akiona katoni za karatasi zimebaki tatu hivi, yaani rimu 15, alipeleka ombi la kununua katoni 10. Katoni moja ina rimu tano, kwa hiyo mzigo ulikuwa rimu 50.

Karatasi ziliisha mara kwa mara. Kati ya Januari na Machi, katika wiki 12, stoo ilikaa bila rimu hata moja kwa jumla ya wiki nne. Watu walilalamika, na mwishoni mwa Machi mkurugenzi akaniita akanipa kazi: tengeneza daftari linaloeleweka, na weka kiwango cha kuagizia ili tusiishiwe tena.

## Daftari la kwanza na hesabu yake

Nilichora safu saba: tarehe, namba ya fomu ya maombi, idara, kifaa, kilichotolewa, salio na sahihi. Kila kifaa kilipewa kurasa zake, na juu ya ukurasa wa kwanza kiliandikwa kiwango cha kuagizia.

Kiwango hicho nilikitafuta kwa kanuni ambayo kila aliyesoma uhasibu ameipitia: matumizi ya wiki zidisha kwa wiki za kusubiri mzigo, kisha ongeza akiba ya tahadhari. Nilichukua kaunta buku ya Mzee nikajumlisha rimu zote zilizotolewa Januari hadi Machi. Zilikuwa 112. Gawanya kwa wiki 12, unapata 9 na chenji. Mzabuni aliniambia kwa simu kwamba analeta mzigo ndani ya wiki moja. Basi 9 kwa wiki moja ya kusubiri, na 9 nyingine za tahadhari, jumla 18. Kiasi cha kuagiza nikakiweka matumizi ya wiki nne, yaani rimu 36, ambazo kwa katoni ni saba, rimu 35.

Hesabu ilikuwa safi na hakuna aliyeihoji. Makosa mawili yalikuwa ndani yake tangu siku hiyo. Moja lilikuwa kwenye ile 9 na jingine kwenye ile wiki moja.

Kulikuwa na kosa la tatu, dogo, tuliloligundua mapema. Mwezi Aprili Mzee aliandika "2" kwenye safu ya kilichotolewa akimaanisha katoni mbili, na mimi nikapunguza salio kwa rimu mbili. Tulipohesabu stoo mwisho wa mwezi, rimu 8 hazikuonekana, na kwa siku nzima watu walitazamana vibaya. Ilipobainika kuwa ni kipimo tu kimechanganywa, tuliandika juu ya kila ukurasa wa karatasi: RIMU. Kuanzia hapo katoni haikuandikwa popote isipokuwa kwenye hati ya kupokelea mzigo.

## Robo mwaka ya pongezi

Aprili hadi Juni daftari lilijazwa vizuri. Salio liliandikwa, sahihi zilikuwepo, na Mzee aliagiza kila rimu zilipofika 18, bila kuchelewa hata siku moja. Hata hivyo karatasi ziliisha, na safari hii stoo ilikaa tupu wiki tano kati ya 12.

Jambo hilo halikuonekana kwenye taarifa yangu. Taarifa ilionyesha rimu zilizotolewa: 96 kwa wiki 12, wastani wa 8 kwa wiki. Kutoka 9 kwenda 8. Katika kikao cha mwanzo wa Julai tulipongezwa kwa kubana matumizi ya karatasi, na mimi, kama kanuni ilivyotaka, nikarekebisha kiwango cha kuagizia kutoka 18 hadi 16, na kiasi cha kuagiza kutoka katoni saba hadi sita.

Nataka msomaji asimame hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kisa chenyewe. Stoo ikiwa tupu, mtu anayekuja kuomba rimu tatu anaambiwa hakuna, anaondoka. Daftari langu halikuwa na mahali pa kumwandika. Siku hiyo kwenye daftari ni siku ambayo hakuna aliyehitaji karatasi. Siku kama hizo zikiwa nyingi, wastani unashuka. Wastani ukishuka, kiwango cha kuagizia kinashuka nao, na mzigo unaoagizwa unakuwa mdogo. Mzigo mdogo unaisha mapema zaidi, siku tupu zinaongezeka, na robo inayofuata wastani unashuka tena. Kila mmoja akifanya kazi yake kwa uaminifu, ofisi inakwenda kwenye upungufu mkubwa zaidi, na taarifa inaita upungufu huo kubana matumizi.

## Vocha za Juni

Ukweli haukutoka stoo. Ulitoka kwenye kasha la fedha za matumizi madogo madogo. Nilikuwa nafunga hesabu za Juni, napanga risiti moja baada ya nyingine, nikaona risiti ya rimu mbili kutoka duka la vifaa la jirani. Kisha nyingine ya rimu tatu, ya idara nyingine. Nikarudi nyuma hadi Aprili na kuzitenga zote mezani. Zilikuwa rimu 41, zilizonunuliwa mojamoja na mbilimbili kwa sh. 12,500 kila rimu, wakati mzabuni wetu alituuzia kwa katoni kwa sh. 10,000. Tofauti ya bei peke yake ilikuwa sh. 102,500. Juu yake kulikuwa na nauli za bodaboda zilizoandikwa "usafiri wa dharura".

Niliangalia tarehe za risiti hizo nikizilinganisha na daftari. Karibu zote ziliangukia siku ambazo salio lilikuwa sifuri.

Nilikwenda stoo. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza huwa anafanya nini mtu akija na fomu na karatasi hazipo. Akasema anamrudishia fomu yake, anamwambia apite wiki ijayo. Na kama zipo nne na mtu ameandika sita? Anamwambia afute sita aandike nne, ili fomu na daftari visipishane.

Alifanya hivyo kwa nia njema, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba fomu na daftari lazima vilingane. Kwa sheria hiyo yangu, kila ombi lisilotimizwa lilifutwa kabla halijafika kwenye karatasi yoyote.

## Kutafuta mahitaji halisi bila kumbukumbu

Sasa nilihitaji kujua watu walihitaji rimu ngapi hasa kwa wiki, na fomu zilizokataliwa hazikuwepo. Nilitumia njia mbili, nikaona kama zinakubaliana.

Njia ya kwanza ni kugawanya kwa wiki ambazo stoo ilikuwa na karatasi tu, na si kwa wiki zote. Januari hadi Machi rimu 112 zilitolewa ndani ya wiki nane zenye karatasi: 14 kwa wiki. Aprili hadi Juni rimu 96 ndani ya wiki saba: 13.7. Kumbe matumizi hayakuwa yameshuka hata kidogo. Kilichoshuka ni idadi ya siku ambazo mtu angeweza kupewa.

Njia ya pili ilitoka kwenye mashine zenyewe. Kila mashine ya fotokopi ina kihesabu kinachoongezeka kwa kila ukurasa unaochapwa, na fundi wetu huandika tarakimu yake kwenye kadi kila anapokuja kuihudumia. Kati ya huduma mbili zilizopishana kwa wiki 12, mashine zote mbili zilikuwa zimetoa kurasa 81,400. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo ni rimu 163 hivi, karibu 13.6 kwa wiki. Njia hii ina mpaka wake: mashine inayochapa pande mbili huhesabu kila upande, hivyo kurasa mbili zinaweza kuwa karatasi moja. Zetu hazikuwa na uwezo huo, ndiyo maana niliamini tarakimu.

Rimu 163 zilipita kwenye mashine. Stoo ilitoa 96 na fedha ndogo zilinunua 41, jumla 137. Zile 26 zilizobaki zilitoka kwenye makabati ya idara, ambako watu walikuwa wameficha akiba. Kwa lugha nyingine, hata hiyo 13.6 ilikuwa makisio ya chini, kwa sababu baadhi ya kazi hazikuchapwa kabisa pale karatasi zilipokosekana.

Kisha nikaishughulikia ile wiki moja ya kusubiri. Nilifungua jalada la oda sita zilizopita na kuhesabu siku kuanzia tarehe Mzee alipoandika ombi hadi tarehe mzigo ulipopokelewa. Oda ya haraka kuliko zote ilichukua siku 15, iliyochelewa zaidi siku 24, na nyingi zilikaribia wiki tatu. Mzabuni hakusema uongo, wiki yake ilianza pale alipopata oda mkononi. Wiki mbili nyingine zilikuwa zetu: kukusanya profoma tatu, kusubiri sahihi mbili, na mmoja wa watia sahihi alisafiri mara kwa mara.

## Daftari la pili

Mwanzoni mwa Agosti tulianza daftari jipya. Safu ya kilichotolewa ilibaki, lakini kabla yake iliwekwa safu ya kilichoombwa, na baada yake safu ya deni. Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba kila anayekuja anaandikwa, hata akipewa sifuri. Sheria ya pili, hakuna kufuta idadi kwenye fomu.

Mzee hakupenda sheria ya kwanza, akaniambia wazi: "Mwanangu, nikiandika sifuri kila siku, bosi atasema stoo imenishinda." Hofu yake ilikuwa ya haki. Nilimwomba mkurugenzi aseme mbele yetu sote kwamba sifuri kwenye daftari ni habari ya ununuzi na si kosa la mtunza stoo. Alisema, na nadhani bila maneno yale safu ile ingebaki tupu.

Tatizo la pili lilikuja ndani ya siku chache. Idara ya miradi iliomba rimu 6 ikapewa 4. Wiki iliyofuata ikarudi na fomu mpya ya rimu 2 zilezile. Ukiandika zote, ombi la rimu 6 linakuwa 8, na wastani unapanda kwa uongo kama ulivyokuwa ukishuka kwa uongo. Ndiyo kazi ya safu ya deni: ombi lililobaki linasubiri kwenye mstari wake, na anayerudi kulidai anaandikwa "rudio" bila kuongeza chochote kwenye kilichoombwa. Wiki hizo zilionekana hivi:

| Tarehe | Idara | Kilichoombwa | Kilichotolewa | Deni | Salio |
|---|---|---|---|---|---|
| 4 Agosti | Miradi | 6 | 4 | 2 | 0 |
| 6 Agosti | Uhasibu | 3 | 0 | 3 | 0 |
| 11 Agosti | Miradi (rudio) | – | 0 | 2 | 0 |
| 13 Agosti | Mzigo umeingia: 30 | – | – | – | 30 |
| 13 Agosti | Miradi (kulipa deni) | – | 2 | 0 | 28 |
| 13 Agosti | Uhasibu (kulipa deni) | – | 3 | 0 | 25 |

Jumla ya kilichoombwa ni 9 na jumla ya kilichotolewa ni 9. Daftari la kwanza lingeonyesha tu mistari iliyotolewa, na siku za tarehe 6 hadi 12 zingekuwa kimya kabisa.

## Rimu 56

Hesabu mpya ilikuwa 14 kwa wiki, mara wiki tatu za kusubiri, yaani 42, ongeza wiki moja ya tahadhari, 14. Kiwango cha kuagizia: rimu 56. Cha zamani kilikuwa 16.

Kikao kilikuwa kigumu. Mkurugenzi aliuliza kwa nini tuagize karatasi wakati bado zipo katoni 11 stoo. Meneja wa utawala alihofia wizi. Yote mawili yalikuwa maswali ya maana. Niliwaonyesha zile risiti, na nikaeleza kwamba rimu 56 si za kukaa: wakati mzigo mpya unafika, rimu 42 zitakuwa zimeshatumika na stoo itakuwa na 14 tu. Mzigo wa katoni 12, rimu 60, ukiingia juu ya hizo 14, stoo inafika 74, katoni 15. Mzee alithibitisha kwamba chaga ya mbao pale stoo inabeba katoni 15 bila karatasi kugusa sakafu wala ukuta, jambo la lazima kwetu kwa sababu chumba kile hupata unyevu wakati wa mvua, na karatasi iliyovuta unyevu hujikunja na kukwama kwenye mashine.

Niliulizwa pia kama haingekuwa nafuu kufupisha zile wiki tatu. Ingekuwa nafuu zaidi. Wiki mbili za kusubiri zingeshusha kiwango hadi 42. Uamuzi ukawa kukubali 56 kwa majaribio ya miezi mitatu, kwa karatasi peke yake, huku meneja wa utawala akijaribu kupata mtia sahihi mbadala. Mbadala huyo hakupatikana ndani ya muda wa kisa hiki.

## Septemba hadi Novemba

Wiki ya pili ya Septemba tulijikwaa. Nilikuwa nimenakili daftari kwenye Excel, na seli moja ikiandika AGIZA salio linapofika 56. Oda ilitumwa. Kwa kuwa mzigo huchukua wiki tatu, salio liliendelea kuwa chini ya 56 na seli iliendelea kusema AGIZA. Mimi nilikuwa likizo, na aliyenishikia nafasi akaandaa oda ya pili. Zilifika katoni 24 badala ya 12, na nyingine zikapangwa kwenye korido kwa wiki kadhaa. Kosa lilikuwa langu: kiwango hulinganishwa na salio pamoja na kilichokwisha kuagizwa ambacho hakijafika, wala si salio peke yake. Fomula ikabadilishwa kuwa:

```
=IF(F2+G2<=H2,"AGIZA","")
```

Hapo F ni salio, G ni kilichoagizwa hakijafika, na H ni kiwango cha kuagizia. Kwenye daftari la mkono Mzee alifanya jambo lilelile kwa penseli: juu ya ukurasa huandika "oda njiani: 60", na mzigo ukifika hufuta.

Tukio la pili lilikuwa la Novemba, ziada ile ya oda mbili ikiwa imeshaisha. Idara ya mafunzo iliandaa semina na katika wiki moja maombi yote yalifika rimu 31 badala ya 14. Ilikuwa wiki ileile tuliyokuwa tumebaki na akiba ya tahadhari tu, tukisubiri mzigo. Siku moja kabla haujafika stoo ikawa tupu, ikiwa na deni la rimu 3. Kwa mara ya kwanza deni hilo lilikuwa na jina la idara, tarehe na idadi, na lililipwa asubuhi mzigo uliposhushwa.

Kwa wiki 12 hizo, ukiondoa semina, maombi yalikuwa rimu 166, wastani wa 13.8. Kwenye fedha ndogo nilikuta risiti za rimu 2 tu.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi hasa ni kutenganisha ombi na utoaji. Kiwango cha kuagizia ni makisio ya mahitaji, na daftari linaloandika kilichotolewa peke yake linapima uwezo wa stoo, si mahitaji ya watu. Tofauti hiyo haionekani stoo ikiwa imejaa, kwa sababu hapo ombi na utoaji ni tarakimu moja. Inaonekana siku ya upungufu, siku ambayo daftari la kawaida hunyamaza. Anayetaka kujua kama ofisi yake iko kwenye mteremko huu aangalie mambo mawili: je, salio hufika sifuri na kukaa hapo kwa siku kadhaa, na je, kuna risiti za kifaa hichohicho kwenye fedha ndogo kwa tarehe hizo? Yote mawili yakiwepo, wastani wa utoaji usitumike kabisa. Agawanye kwa siku zenye akiba tu, kama tulivyofanya, hadi safu ya maombi ipate walau wiki nane za kumbukumbu.

Muda wa kusubiri nao unapaswa kupimwa kutoka kwenye majalada ya ofisi, tangu ombi linapoandikwa. Kwetu kosa hili lilikuwa zito kuliko lile la wastani. Hata kama ningetumia 14 tangu mwanzo, kwa wiki moja ya kusubiri kiwango kingekuwa 28, na rimu 28 zinaisha ndani ya wiki mbili, wiki moja kabla ya mzigo.

Lisilofanya kazi vizuri ni kuamini kwamba safu ya kilichoombwa husema kweli yenyewe. Kufikia Oktoba idara moja ilikuwa imezoea kuomba rimu 8 na kutumia 5, kwa kumbukumbu ya siku za njaa. Niliongeza kwenye fomu swali la idadi iliyobaki kabatini. Wengine walijibu kwa uaminifu, wengine waliandika sifuri kila wiki. Nilipolinganisha maombi na kihesabu cha mashine mwishoni mwa Novemba, maombi yalizidi kidogo, kama rimu moja kwa wiki. Nilikiacha kiwango kama kilivyo, kwa kuwa kuzidi kwa rimu moja kulituletea madhara madogo kuliko kupungua.

Kuhusu semina, tuliamua kwamba kazi maalumu inayohitaji zaidi ya rimu 10 iombwe wiki nne kabla, inunuliwe kwa oda yake, na iandikwe ukurasa tofauti. Wiki ya rimu 31 ikiingizwa kwenye wastani, ofisi ingenunua kana kwamba kuna semina kila robo mwaka.

Na kanuni hii tuliishia nayo kwenye karatasi, bahasha na kalamu. Tulipoipeleka kwenye tona ilitupa majibu yasiyo na maana. Tona moja ilitumika kwa wiki tano hivi, wastani wa 0.2 kwa wiki, na kanuni ikasema kiwango cha kuagizia ni 0.8. Tuliweka mbili kwa kila mashine kwa uamuzi wetu tu: moja ya kubadilisha, moja ya kusubiria mzigo. Pia tuliandika kwenye ukurasa wa tona jina la mashine inayoitumia, kwa sababu Mzee alikuwa na tona tatu zisizofunguliwa za mashine iliyoondolewa ofisini miaka miwili kabla, na daftari lilikuwa bado linazihesabu kuwa akiba.